Beki namba tatu: lini uteleze, lini ubaki wima

Nachukua hali moja tu, inayomkuta namba tatu karibu kila mechi. Winga wao, namba saba, amekutangulia nusu bega na anakimbia na mpira kandokando ya mstari. Unamkimbiza kuelekea goli lako, naye yuko kulia kwako.

Kwanza, jua nani yuko nyuma yako. Kama beki wa kati ameshasogea kuziba, unaweza kuteleza, maana ukikosa bado kuna mtu. Kama wewe ndiye wa mwisho, baki wima. Msindikize kwa umbali wa hatua moja na nusu, mwili umekaa upande, magoti yamekunjwa kidogo, ukimsukumia nje ili mwenzako apate muda wa kurudi. Ndani ya boksi mimi huwakataza vijana kabisa kuteleza, isipokuwa kuziba shuti.

Pili, tazama mpira, si miguu yake. Mpira ukiwa umenata mguuni, usishuke: atausogeza kidogo tu na wewe utabaki umelala. Lakini mtu anayekimbia kwa kasi lazima ausukume mbele. Ukishautoka mguu wake mita moja hivi, hawezi kuubadilisha njia mpaka aufikie tena. Nafasi yako ni hiyo, na ni fupi. Ukiwa nyuma yake moja kwa moja, kiasi kwamba lazima upite kwenye miguu yake ndipo uufikie mpira, achana nao. Kumwambia refa "nimegusa mpira" hakukuokoi: ukicheza kizembe ni faulo, bila kujali usalama wake ni njano, kwa nguvu zilizopita kiasi ni nyekundu.

Tatu, shuka. Mguu wa kulia, ulio karibu naye, ukunje chini yako, kisha ulalie upande wa nje wa paja na tako. Mguu wa kushoto ndio unaofanya kazi: uzungushe mbele, chini chini, goti limelegea kidogo, ufagie mpira utoke nje kwa sehemu ya kamba za kiatu. Meno ya njumu yasielekee kwake. Usitangulize kiganja kujizuia, maana kifundo cha mkono ndicho kinachoumia.

Umbali wa kuanzia unategemea uwanja. Hapa Mbeya, kuanzia Novemba hadi Aprili nyasi huwa zimelowa na utateleza mbali, kwa hiyo anza mapema kidogo. Julai viwanja vyetu vya mtaani ni vumbi gumu: mwili unakwama, unafika umechelewa na kuugonga mguu wake. Hapo shuka ukiwa karibu sana, au baki wima.

Jifunze mvua ikinyesha, kwa mpira uliosimama, ukianza kwa kutembea, halafu kwa mbio ndogo. Kila ukiinuka kagua bukta: tope likiwa pembeni ya paja, umeshuka vizuri. Likiwa gotini au viganjani, rudia ukitembea.