SOMO: Imeili imeondoka haijaisha? Sekunde 30 za kuidaka Gmail

Wana Tabora habari zenu. Juzi nilikuwa naandikia mnunuzi uzito wa mizigo ya tumbaku ya chama chetu, nimefika "kilo 1,4" nataka kushuka mstari, kidole kingine kipo kwenye Ctrl nikabonyeza Enter, ikaenda. Ctrl+Enter kwenye Gmail ni amri ya kutuma, wengi hawajui. Chini kushoto kikatokea kimstari cheusi kimeandikwa "Message sent" na pembeni "Undo", nikakibonyeza, barua ikarudi ilivyo nikamalizia 1,420. Mnunuzi hakuona kitu.

Ila mimi niliwahi kwa sababu nilishaiongeza muda, ukiiacha ilivyokuja unapewa sekunde 5 tu, hapo hata hujashtuka.

Fungua Gmail kwenye kompyuta, bonyeza alama ya gia juu kulia, halafu "See all settings". Ukiwa kwenye "General" shuka mpaka "Undo Send", pale kuna 5, 10, 20 na 30, chagua 30. Sasa shuka mpaka chini kabisa ubonyeze "Save Changes", hapa ndo watu wanakwama, wanachagua wanaondoka inabaki 5.

Kwenye simu ya Android fungua app ya Gmail, mistari mitatu, "Settings", "General settings", tafuta "Confirm before sending" uiwashe. Kila ukituma itakuuliza kwanza.

Muelewe kitu kimoja, Undo hairudishi barua iliyokwishafika. Gmail inaishikilia kwanza, muda ukiisha ndo inaiachia, na ikishaachiwa hauna la kufanya zaidi ya kuandika nyingine ya kusahihisha.

MASWALI

Mdau wa Urambo: Kaka, nikifunga ukurasa haraka si itakuwa nimeizuia?
Jibu: Hapana ndugu yangu, hapo unapoteza kitufe cha Undo na barua inaendelea na safari. Usifunge, usirifreshi, bonyeza Undo kwanza.

Dada wa Kigoma: Huku Ujiji mtandao unakatika katika, nitaiwahi?
Jibu: Dada, Undo nayo inahitaji mtandao, ukikatika katikati inaweza isikubali. Kwa mtandao wa hivyo sehemu ya "To" iache wazi mpaka umalize kuandika, bila anwani haiendi popote hata ukibonyeza Ctrl+Enter mara kumi. Kama unajibu barua uliyotumiwa, anwani inajijaza yenyewe, ifute kwanza uirudishe mwisho.

Mdau wa Nzega: Hiyo ya kuuliza nimeiwasha, baada ya wiki nabonyeza OK bila kusoma.
Jibu: Ndo shida yake mkuu, mkono unazoea. Ukiona umefika hapo usiitegemee tena, fanya hiyo ya kuacha "To" wazi, maana kuandika anwani lazima utulie uangalie.