Kabla ya kuuza hisa kwa umma: maswali ya kujiuliza mapema

Kampuni inayofikiria kuorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi inapaswa kuanza na swali ambalo waraka wa matarajio, yaani kijitabu kinachowaeleza wanunuzi kuhusu kampuni na hisa zinazouzwa, hulijibu katika kurasa zake za mwanzo: fedha zitakazokusanywa ni za nani? Ikiwa zinauzwa hisa mpya, fedha huingia katika akaunti ya kampuni na zinaweza kununua mashine au kulipa deni la benki. Ikiwa wanaouza ni wamiliki wa awali, kampuni haipati hata shilingi. Mwaka 2008 Serikali ya Kenya iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na zile shilingi bilioni 50 zilikwenda Hazina ya Taifa, si kwa kampuni. Kuuza kwa namna hiyo si kosa, kwa kuwa mwanzilishi aliyefungia mali yake yote katika biashara moja ana haki ya kutaka kutoka. Hata hivyo, asitoe upanuzi wa kiwanda kuwa ndiyo sababu ya kuuza.

Gharama zipigiwe hesabu kwa shilingi kabla ya mshauri yeyote kuajiriwa. Tuchukue mfano wa kubuni wa kiwanda cha vifungashio kilichopo Eneo la Viwanda, kinachotaka kuuza hisa mpya milioni 25 kwa shilingi 20, yaani shilingi milioni 500. Tuseme wanasheria, wakaguzi wa hesabu, uchapishaji na matangazo vinakula milioni 35, kiasi ambacho hakibadiliki sana hata toleo likiwa dogo au kubwa, na kamisheni ya mauzo ni asilimia 2, yaani milioni 10. Jumla ni milioni 45, sawa na asilimia 9 ya fedha zote. Kama kiwanda hicho kingeuza hisa za shilingi bilioni 1, gharama ingekuwa milioni 55, yaani asilimia 5.5. Hapo ndipo kampuni ndogo inapoumia, na wakati mwingine mkopo wa benki, pamoja na riba yake, huwa nafuu.

Gharama iliyo kubwa zaidi haina ankara. Hisa ya kiwanda chetu ikifunga siku ya kwanza sokoni kwa shilingi 26, wamiliki wa zamani wamewaachia wanunuzi shilingi 6 kwa kila hisa, yaani milioni 150, zaidi ya mara tatu ya ada zote. Jambo hili lilionekana hapa Nairobi mwaka 2006, Serikali ilipouza asilimia 30 ya kampuni ya kuzalisha umeme ya KenGen kwa shilingi 11.90 kwa hisa na hisa hiyo ikapanda hadi karibu shilingi 40 siku ya kwanza. Ni kweli kwamba hisa zote zisingepata mnunuzi kwa bei hiyo ya juu, lakini hata nusu ya tofauti hiyo ni fedha nyingi mno.

Mbona basi bei huwekwa chini? Mdhamini wa toleo, yaani anayeahidi kununua hisa zitakazokosa wanunuzi, huogopa kubaki nazo, na hilo linaeleweka. Sababu ya ndani zaidi ni kwamba wawekezaji hawana habari sawa. Wenye kujua hukimbilia matoleo mazuri tu, kwa hiyo mtu wa kawaida akiomba hisa nzuri hupewa chache na kurudishiwa fedha zake, na akiomba mbovu hupewa zote. Asipopewa punguzo la kumfidia hasara hiyo, ataacha kuomba kabisa. Punguzo lenyewe si hakikisho: hisa ya Safaricom ilipanda mwanzoni, lakini kabla ya mwaka 2008 kwisha ilikuwa imeshuka chini ya shilingi 5. Kwa sababu hiyo, bodi imtake mshauri aeleze bei yake kwa kuilinganisha na faida za kampuni zinazofanana ambazo tayari zimo sokoni, na imuulize analipwa kwa msingi gani, kwa maana anayelipwa hisa zikiisha tu hana haja kubwa ya kupigania bei ya juu.

Baada ya kuorodheshwa, gharama huendelea kila mwaka: ada ya soko, msajili wa hisa, mkutano mkuu, hesabu za nusu mwaka. Inayowashtua zaidi wamiliki wa kampuni za kifamilia ni sharti la kuutangazia umma pale faida ya mwaka inapotarajiwa kushuka kwa angalau asilimia 25 kulinganisha na mwaka uliotangulia. Kampuni ambayo mhasibu wake hufunga vitabu vya Machi mwezi Julai haiwezi kuligundua anguko hilo kwa wakati. Basi kabla ya kumwita mwanasheria, mkurugenzi aombe hesabu za mwezi uliopita na aangalie zitamfikia baada ya siku ngapi.