Kabla hujatafsiri kanusho la Kiingereza kwenda Kiitaliano

Mgeni mmoja Mwitaliano alisubiri mashua ufukweni Watamu asubuhi nzima, na mashua haikuja. Nyumba ya wageni alikofikia ikaandika maelezo kwa Kiingereza, nami nikapewa niyatafsiri. Yalikuwa sentensi nne fupi: "We did call you. Nobody answered. We didn't cancel the trip. The captain did." Ya tatu niliiandika "Non abbiamo annullato la gita", na ya nne "Il capitano l'ha fatto". Sarufi haikuwa na kasoro. Jibu la mgeni likaja siku ileile: kama safari haikufutwa, mbona mashua haikufika? Na huyo nahodha alifanya nini?

Alikuwa na haki ya kuuliza. Sentensi yangu ilikana kufutwa kwa safari, wakati mwenye nyumba alitaka kukana jambo moja tu: kwamba waliofuta ni wao. Tangu siku hiyo siandiki neno la Kiitaliano kabla sijajiuliza mambo machache.

La kwanza, sauti inaangukia neno gani? Mwingereza akisema "We didn't cancel the trip" huacha maneno mahali pake na kupandisha sauti juu ya "we". Kwenye karatasi sauti hiyo haionekani, labda awe ameliinamisha neno. Kwa hiyo tafuta swali ambalo sentensi inajibu. Hapa swali ni "Nani aliifuta?", si "Mlifanya nini?" wala "Safari iliendaje?". Ukishalipata, iseme sentensi kwa Kiswahili kwanza, kwa sauti. Utasikia mwenyewe: "Safari hatukuifuta sisi, aliifuta nahodha." Au: "Nahodha ndiye aliyeifuta." Kiswahili chetu hakitegemei sauti peke yake. Kinahamisha maneno, kinaleta "ndiye", na Kiitaliano kinafanya mambo yanayokaribiana sana na hayo.

Tazama jinsi vinavyofanana. Safari, ambayo wote wawili tayari wanaijua, inatangulia: "La gita". Kisha kitenzi kinaibeba tena ndani yake, kama "-i-" yetu katika "hatukuifuta": "non l'abbiamo annullata". Ile "l'" ndiyo "-i-" yetu, na irabu ya mwisho ya "annullata" inageuka kuwa "a" kwa sababu "gita" ni neno la jinsia ya kike. Mwishoni kabisa, mahali ambapo Mwitaliano huweka habari mpya, anakaa mtenda: "noi". Sentensi nzima: "La gita non l'abbiamo annullata noi: l'ha annullata il capitano." Hapo mgeni hawezi kuuliza tena kama safari ilifutwa.

Angalia usiipoteze hiyo "l'". Ukisema "La gita abbiamo annullato" bila kuirudia safari ndani ya kitenzi, umebadilisha maana: sasa unapinga kitu kingine, kama vile "tumefuta safari, si chakula cha jioni". Ni matamshi ya mabishano, na kwenye barua yatamshangaza msomaji.

Mtenda kukaa mwisho ndicho kitu ambacho mfasiri anayetoka kwenye Kiingereza husahau zaidi. Simu ikilia ukaulizwa nani amepiga, jibu ni "Ha telefonato Maria". Ukijibu "Maria ha telefonato" unasikika kama unayejibu swali jingine, labda juu ya alichofanya Maria leo. Vivyo hivyo anayetaka kulipia kahawa husema "Pago io", na "io" mwishoni ndiyo inayobeba uzito wote wa "mimi ndiye ninayelipa".

La pili, hesabu maneno ya kukana, kisha tazama yamekaa upande gani wa kitenzi. Wanafunzi wengi wamefundishwa kwamba kanusho mbili hufutana, kwa hiyo huogopa "Non ha risposto nessuno", ambayo neno kwa neno ni "hakujibu hakuna mtu". Waitaliano hawana njia nyingine. "Nessuno", "niente", "mai" au "neanche" likija baada ya kitenzi, lazima "non" itangulie kitenzi hicho. Ukiihesabu na "non" yenyewe, unaweza kuyarundika hata manne: "Non mi dice mai niente nessuno", yaani hakuna anayewahi kuniambia chochote, na bado ni kanusho moja.

Lakini neno hilo likipanda mbele ya kitenzi, "non" inaondoka: "Nessuno ha risposto". Ukiibakiza, "Nessuno non ha risposto", umeandika kitu kama "hakuna ambaye hakujibu", yaani wote walijibu. Hilo ndilo kosa linalogeuza barua kichwa chini, na huwapata hasa waliokwisha kuizoea kanuni ya kwanza.

Kati ya "Nessuno ha risposto" na "Non ha risposto nessuno" zote ni sahihi, ila si sawa. Ya pili inaripoti tu kilichotokea, kama "hakujibu mtu". Ya kwanza inamweka huyo "hakuna mtu" mbele, na inaweza kusikika kama lawama. Kwa mgeni ambaye tayari ana hasira nilichagua ya pili. Kama Kiingereza kingesema hakuna mtu hata mmoja, ningeongeza "proprio": "Non ha risposto proprio nessuno."

La tatu, usikubali kila "non" kuwa kanusho. "Aspetti finché non torna il capitano" ina maana ya "subiri mpaka nahodha arudi". Anayesoma haraka anaweza kudhani nahodha harudi. Sisi hatupaswi kushangaa, maana tunasema "kabla hajarudi" na hakuna anayefikiri tunakana kitu. "Per poco non cadevo" nayo ni "nusura nianguke".

Kuhusu "mica", ambayo wengi huipenda wakishaijua: "Non sono mica arrabbiato" ni kama "wala sijakasirika" ya kwetu pwani, inamkatalia mtu alichokwisha kukidhania. Ni tamu mdomoni, lakini iache nje ya barua ya kikazi.

Ilibaki "did" ya sentensi ya kwanza, ile ya kusisitiza kwamba jambo kweli lilifanyika. Kiitaliano hakina kitenzi kidogo cha kufanya kazi hiyo. Sisi tungesema "kupiga tulikupigia", na Mwitaliano anayezungumza anaweza kusema karibu vilevile, "telefonare, Le abbiamo telefonato". Kwenye maandishi rasmi nikaweka "effettivamente". Barua ya pili ikatoka hivi:

"Le abbiamo effettivamente telefonato, ma non ha risposto nessuno. La gita non l'abbiamo annullata noi: l'ha annullata il capitano."

Kabla haijatumwa nilimsomea jirani anayezungumza Kiitaliano tangu utotoni, bila kumwonyesha Kiingereza, nikamwuliza sentensi ya mwisho inajibu swali gani. Akasema: "Chi ha annullato la gita?" Nani aliifuta safari. Nikaituma.