Mzinga mmoja, wanafunzi watano: kugawa alama bila kuonea

Mwongozo huu ni wa mradi wa wiki sita kwa Kidato cha Pili hapa Tabora: kila kundi la watano linatengeneza mzinga wa nyuki wa papi za juu na kumkabidhi mfugaji. Kutengeneza si kugumu sana. Kugumu ni kujua nani kafanya nini.

1. Anza na mpokeaji. Tafuta mfugaji au kikundi cha wafugaji kitakachoupokea mzinga na kuutundika kweli. Wanafunzi waende kumsikiliza kabla ya kuchora. Atawaambia jambo ambalo ndilo moyo wa mradi: papi ziwe na upana wa milimita 32, kwa sababu nyuki wetu hujenga sega moja chini ya kila papi iwapo upana huo ni sahihi. Ukizidi, masega hupinda na kuvuka kutoka papi moja hadi nyingine, na siku ya kuvuna huwezi kunyanyua moja bila kurarua la jirani.

2. Pima kile tu ambacho wanafunzi wanakimudu. Usiweke alama kwa nyuki kuingia. Kundi lolote la nyuki linaweza kuchelewa miezi, na mzinga mzuri ukabaki mtupu. Weka alama kwa vipimo. Sanduku la urefu wa milimita 900 kwa ndani linabeba papi 28, yaani milimita 896, na pengo la 4 linazibwa kwa kibanzi. Kosa la milimita moja kwa kila papi linakuwa milimita 28 mwishoni, karibu upana wa papi nzima. Kwa hiyo usiruhusu msumeno uguse mbao kabla hujasaini mchoro, na kabla ya kukata zote kagua papi moja ya mfano. Kipande cha bati chenye mkato wa milimita 32 kinatosha kuwa kipimo: papi iingie bila kucheza.

3. Daftari la kazi. Dakika kumi za mwisho za kila kipindi, kila mmoja anaandika kwa kalamu ya wino: tarehe, alichofanya, alichopima. Mwenzake anasaini pembeni. Daftari linalala kabatini kwako. Likienda nyumbani litajazwa lote usiku mmoja kabla ya kukabidhi, na utalitambua kwa mwandiko uleule na wino uleule.

4. Kura ya wenzao. Mwishoni kila mwanafunzi anapewa pointi 40 za kuwagawia wenzake wanne kwa siri, yeye mwenyewe hajipi. Aliyefanya sehemu yake kama wengine atapata kama 40 kwa jumla. Chukua alama ya kundi, igawe nusu. Nusu moja ni ya kila mtu. Nusu ya pili izidishe kwa pointi alizopata mwanafunzi, kisha gawa kwa 40.

Mfano: kundi limepata 72. Nusu ni 36. Mmoja kapata pointi 46, basi 36 × 46 ÷ 40 = 41.4, na jumla yake ni 77.4. Mwingine kapata 28, basi nusu yake ya pili ni 25.2, jumla 61.2.

5. Usiiamini kura peke yake. Huyo wa 28 ndiye wa kutazamwa. Wawili walimpa 11 kila mmoja, wawili wakampa 4 na 2. Mtu mmoja hawezi kuwa amefanya kazi nzuri na ameketi tu kwa wakati mmoja, kwa hiyo nilifungua daftari. Jumamosi ya kukata papi yeye alikuwepo, na vipimo vyake vimesainiwa. Wale wawili waliompa kidogo hawakuwepo. Kijana ni mkimya tu, na makundi yana tabia ya kumlipa msemaji.

Sikubadilisha namba kwa mkono wangu. Niliwarudishia wawili hao karatasi, wagawe upya, na kila alama iliyo chini ya 7 iambatane na tarehe ya daftari inayoithibitisha. Zikarudi 10 na 9. Jumla yake ikawa 41, na alama yake 72.9.

Kundi zima likigawa 10, 10, 10, 10, hiyo nayo ni dalili: wamepatana. Hapo tumia daftari, na muulize kila mmoja peke yake kuhusu kazi ambayo hakuifanya, kwa mfano kwa nini papi ni 32 na si 36. Asiyejua hakuwa karibu na mzinga. Kundi la watatu usilipigishe kura kabisa, maana kila mtu atajua nani kampa nini.