Somo: Kusahihisha pembe za duara pale mwanafunzi anapotakiwa kutoa sababu

Tufanye kazi na swali moja mpaka liishe. Duara lina kitovu O. Nukta A, B na C ziko kwenye mzingo, C ikiwa kwenye tao kubwa, na D iko kwenye tao dogo AB. Mstari TA ni tanjenti inayogusa duara kwenye A, na T iko upande wa D. Pembe OAB ni nyuzi 28. Tafuta AOB, ACB, ADB na TAB, ukitoa sababu kwa kila pembe. Alama 8: kila pembe alama moja ya nambari na moja ya sababu.

Hatua ya 1. Likokotoe mwenyewe kwanza, na utafute njia zaidi ya moja.
OA = OB kwa kuwa ni nusu vipenyo vya duara moja, basi OBA nayo ni 28, na AOB = 180 − 56 = 124. ACB = 62, nusu ya pembe ya kitovu inayosimama kwenye tao lilelile. ADB = 180 − 62 = 118, kwa sababu A, C, B, D zote ziko kwenye mzingo na pembe zinazokabiliana hujumlishwa kuwa 180. TAB = 90 − 28 = 62, kwa kuwa tanjenti na nusu kipenyo hukutana kwa pembe mraba.

Njia za pili zinakubalika kabisa. ADB ni nusu ya pembe kubwa ya nje kwenye O, yaani 236 ÷ 2. TAB ni sawa na ACB, kwa kanuni ya pembe kati ya tanjenti na mstari AB. Ziandike pembeni ya mwongozo wako, la sivyo utamnyima alama mtu aliyepita njia fupi kuliko yako.

Hatua ya 2. Funika nambari, soma sababu peke yake.
Uliza: je, masharti ya kanuni hii yapo kwenye mchoro? Hapa ndipo kazi ilipo. Mwanafunzi anaandika TAB = 62, "pembe za tao moja ni sawa". Nambari ni sahihi, lakini kanuni hiyo inataka mikono ya kila pembe itoke nukta moja ya mzingo na kwenda A na B, na mkono mmoja wa TAB ni tanjenti. Alama ya nambari apate, ya sababu hapana.

Kosa linalojirudia zaidi ni ADB = 180 − 124 = 56, "pembe zinazokabiliana za pembenne". Ametumia OADB. Ncha tatu ziko kwenye mzingo, ya nne ni kitovu, hivyo kanuni haifanyi kazi. Dalili yake ni rahisi kuiona: D iko kwenye tao dogo, kwa hiyo ADB lazima izidi 90.

Hatua ya 3. Fuata mnyororo.
Ukikuta ACB imetokana na ADB, na ADB imetokana na ACB, hakuna kilichothibitishwa, hata nambari zikikubaliana.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mwanafunzi akiandika tu "pembe ya kitovu", anapata alama?*
Hapana, ndugu. Hilo ni jina la pembe. Sababu iseme uhusiano: ya kitovu ni mara mbili ya ile ya mzingo. Kutaja tao AB ni vizuri zaidi, lakini kama mchoro una tao moja tu linalohusika, mimi simkati kwa kuliacha.

*Amekosea AOB, kaandika 152 (180 − 28), kisha ACB = 76 kwa sababu sahihi. Nifanyeje?*
AOB amekosa nambari, kwa kusahau OBA. Kwenye ACB sababu ni yake kamili. Nambari 76 mpe kama mwongozo wenu unaruhusu kufuata kosa la nyuma. Amueni kabla ya kuanza kusahihisha, si katikati ya rundo la karatasi.

*Kwenye mchoro wangu AC inaonekana kupita kwenye O. Wengi wameandika ABC = 90, pembe ndani ya nusu duara.*
Swali halikusema AC ni kipenyo, kwa hiyo sababu haina msingi. Ila kosa lina nusu yake kwa mtunzi: sogeza C hadi AC iwe mbali na O waziwazi. Na kama darasa halijafika sura ya tanjenti, ondoa njia ya tanjenti na mstari AB kwenye matarajio yako. Katika mtaala wa 8-4-4 wa Kenya sura hiyo ilikuja Kidato cha Tatu; kwa darasa ambalo halijaifikia, TAB yenyewe haifai kuulizwa.