Mtego wa mafuta jikoni: haya hapa, musiniulize tena inboksi

Kila wiki naulizwa jambo hili hili, namna ya kutengeneza pipa la kunasa mafuta ya maji ya sinki yasizibe shimo la majitaka, sasa nimeliandika lote.

1. Pipa la plastiki la lita 200 lenye mfuniko, kivulini, chini kuliko sinki.

2. Kichujio kwenye sinki, makombo yasipite.

3. Bomba la kuingilia lishuke na elbo mpaka ndani ya maji, yasimwagike kwa kishindo.

4. Bomba la kutokea. Hapa ndipo nilipoharibu. Mkahawa wa jamaa yangu hapa Malindi nilitoboa tundu juu ya pipa nikachomeka bomba basi, maji yakatoka nikajiona fundi. Sasa lita ya maji ni kilo 1, ya mafuta ya kukaangia ni kama gramu 920, kwa hivyo mafuta yapo juu na tundu langu lilikuwa linachota kulekule yaliko! Wiki tatu shimo la majitaka likaziba, tulipofunua udongo una utando mweupe kama samli ilolala. Weka tii, kile kiungo cha bomba chenye midomo mitatu, mguu wake ushuke mpaka kama sentimita 20 kutoka sakafu ya pipa, ichote maji ya chini bila kugusa tope. Mdomo wa juu wa tii MUSIUZIBE, bomba litafyonza maji kwa mkupuo na mafuta yatafuata.

5. Sinki moja kwa wakati. Pipa likiwa na maji lita 160 na sinki ikitoa lita 8 kwa dakika, maji yanakaa dakika 20. Ukifungua zote zikatoa lita 20, yanakaa 8, mafuta hayawahi kupanda.

MASWALI

– Fundi, mimi naumwagia maji moto kila jioni uyeyuke, sawa?

Si sawa. Yanayeyuka, yanapita, yanaganda mbele kwenye bomba usipofika mkono. Soma tena namba 4.

– Kama mafuta yanaelea tu, pipa kuwekwa kivulini maji yapoe ni kwa nini?

Swali zuri mwanangu. Maji moto na sabuni yanavunja mafuta kuwa vitone vidogo, na kitone chenye nusu ya upana kinapanda mara nne polepole zaidi. Yakipoa, mafuta ya ng'ombe na samli yanaganda, yanashikana vipande, hayatoroki tena. Lakini ya nazi yanaganda kwenye nyuzi 24 hivi, na kwa joto letu hili yanabaki maji tu juu ya pipa, kwa hivyo hapo usitegemee kuganda, tegemea muda.

– Nitajuaje unafanya kazi?

Kinga maji yanayotoka kwa chupa inayoonyesha ndani, yaache saa moja. Ukiona pete ya mafuta juu, haufanyi.

– Wangu unanuka, umeniuzia uongo.

Mara ya mwisho uliuchota lini? Tia kijiti: mafuta ya juu na tope la chini vikifika robo ya kina, chota.

– Na mafuta ya karai la bajia?

Hayo hayaingii sinki kabisa bibi. Yakipoa yatie dumuni, watengeneza sabuni wanayachukua. Karai lipanguse na gazeti kabla ya kuosha.