Jinsi ya kuomba ripoti ya tangazo la video inayotenganisha walioklik na walioona tu

Nawaandikia nyie mnaouza kwa websaiti na kulipia video Fesibuku na Insta, maana hapa ndo hela nyingi inapotea kimyakimya. Sisi tunauza dagaa wa kukaanga wa paketi, mzigo unatoka Mwanza unaenda mikoani. Tuliweka laki 2 na 80 kwa siku 14, Ads Manager ikatuambia mauzo 46, tukafurahi kweli, yaani kila oda imetugharimu kama elfu 6 na paketi tunabakiwa na faida elfu 9. Kumbe hesabu haikuwa hivyo.

Kabla ya kuomba hiyo ripoti hakikisha pikseli inatuma Purchase mara moja tu, mteja akishalipa. Sie ukurasa wa asante ulikuwa ukifunguliwa tena unahesabu oda mpya, so nunua mwenyewe paketi moja halafu rifreshi uone kama inaruka kuwa 2. Na kama mauzo yako yote yanamalizikia Wasap, hii njia haitakufaa, Meta hawajui kama mteja alikulipa.

Haya, fungua Ads Manager kwenye laptopu, nenda Campaigns, chagua tarehe. Usichague jana wala juzi, kwa sababu mtu anaweza kuklik Jumatatu akanunua Jumapili, kwa hiyo acha zipite siku 7 tangu mwisho wa kipindi unachopima. Kisha bonyeza Columns, shuka mpaka Compare attribution settings, tiki 7-day click na 1-day view, alafu Apply. Basi, pembeni ya jumla zitatokea kolamu mbili mpya. Ukiona na ya engaged-view, hiyo ni ya walioikalia video kidogo bila kuklik, itiki nayo uione peke yake. Ila 1-day click usiijumlishe na 7-day click, ya siku moja tayari imo ndani ya ile ya siku 7, nimeona watu wanajumlisha wanapata mauzo kuliko mzigo waliokuwa nao stoo.

Kwetu ilitoka walioklik 17, walioona tu 29. Gawanya laki 2 na 80 kwa 17, unapata zaidi ya elfu 16 kwa oda, faida ni elfu 9. Yaani kama wale 29 si wa tangazo, tulikuwa tunakula mtaji.

Sasa hao "walioona" ni akina nani? Chukua mteja yuko foleni ya kivuko pale Kamanga, anaskroli, video yetu inampita wala hajaigusa. Jioni jirani yake anamkumbusha dagaa, anaandika jina la duka mwenyewe, anaagiza. Masaa 24 hayajapita, Meta inaandika hiyo oda ni yake. Inawezekana video ilimgusa, inawezekana jirani ndo kamaliza kazi, ripoti haiwezi kukwambia.

Kwa hiyo ingia ndani zaidi, fungua tabu ya Ad sets ukiwa na kolamu zilezile. Kati ya 29 wetu, 24 walitoka kwenye kundi la watu walioshaingia websaiti yetu, watano tu ndo wageni. Hapo shtuka, maana mtu aliyekuwa tayari anataka kununua akioneshwa video kabla ya kulipa lazima atahesabiwa tu.

Hatua ya mwisho ndo ya maana kuliko zote: zima hilo kundi wiki moja, mengine usiyaguse, hesabu oda zote kwenye daftari lako sio kwenye Ads Manager. Wiki za kabla tulikuwa na oda 31 kwa wiki, tulipozima zikawa 29. Ripoti ilikuwa inadai 12 kila wiki kutoka kundi hilo, zilizopungua ni 2. Wiki moja ni kidogo na oda 2 zinaweza kuwa bahati tu, kwa hiyo tulirudia mwezi uliofuata, tarehe zilezile, maana mwisho wa mwezi watu wana mishahara na ukilinganisha na katikati ya mwezi unajidanganya. Ikatoka vilevile karibu, tukahamisha ile bajeti kwa wageni.

Ukiwa na Google Ads pia, kule View-through conv. ina kolamu yake na haiingii kwenye Conversions, so usichukue jumla ya Meta ukaiweka pembeni ya ile ya Google ukasema Meta inauza zaidi. Chukua walioklik wa Meta kwanza ndo ulinganishe.